Hesabu jumuishi: kampuni mama yenye asilimia 80 ya kampuni tanzu, na fungu la wanahisa wachache

Anayeandaa hesabu jumuishi kwa mara ya kwanza huwa na wazo moja linaloonekana la haki kabisa: kama tunamiliki asilimia 80 ya kampuni ile, basi tuchukue asilimia 80 ya mauzo yake, asilimia 80 ya mashine zake na asilimia 80 ya madeni yake. Wazo hilo ndilo linaloharibu kazi nzima. Kampuni mama haina asilimia 80 ya mashine. Ina mamlaka juu ya mashine nzima: inaamua iwashwe lini, iuzwe lini, ibadilishwe na ipi. Kwa hiyo kila kitu cha kampuni tanzu huingia kwa asilimia 100, mstari kwa mstari, na asilimia 20 ya wengine huonyeshwa mahali pamoja tu kwenye mizania, ndani ya mtaji, na mahali pamoja kwenye taarifa ya mapato, chini ya faida ya mwaka.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu siku ya ununuzi hadi mwisho wa mwaka wa pili. Nimechagua mwaka wa pili makusudi, kwa sababu wa kwanza ni rahisi, na makosa mengi huanza pale marekebisho ya mwaka uliopita yanapohitajika tena. Tarakimu zote ni kwa maelfu. Tuziite kampuni hizi Mama na Tanzu.

Kwanza, hakikisha kuna udhibiti

Kiwango cha IFRS 10, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2013, kinauliza mambo matatu: je, una mamlaka ya kuongoza shughuli zinazoleta mapato ya kampuni ile? Je, unachopata kinapanda na kushuka kulingana na matokeo yake? Na je, unaweza kutumia mamlaka hayo kubadilisha unachopata? Mwenye zaidi ya nusu ya kura kwa kawaida hujibu ndiyo mara tatu. Hata hivyo soma katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa kabla ya kuendelea. Kama kuna kifungu kinachowapa wachache haki ya kuzuia bajeti au uteuzi wa wakurugenzi, asilimia 80 ya hisa huenda isiwe udhibiti.

Hapo hapo andika tarehe ambayo udhibiti ulianza. Faida iliyopatikana kabla ya tarehe hiyo ni sehemu ya kile ulichonunua. Iliyopatikana baada yake ndiyo faida ya kundi.

Piga picha ya siku ya ununuzi, kisha usiiguse tena

Tarehe 1 Januari 2023 Mama ilinunua asilimia 80 ya hisa za Tanzu kwa 900. Siku hiyo Tanzu ilikuwa na mtaji wa hisa 400 na faida limbikizi 350, jumla 750. Mthamini aligundua pia kwamba mashine moja ilikuwa na thamani ya 100 zaidi ya ilivyoandikwa vitabuni, na ilikuwa imebakiwa na miaka 5 ya kazi. Kwa hiyo mali halisi ya Tanzu, kwa thamani ya siku ile, ni 850.

Sasa fungu la wanahisa wachache, ambao viwango vya leo vinawaita wasio na udhibiti. IFRS 3 inakupa njia mbili za kulipima siku ya ununuzi: sehemu yao ya mali halisi, au thamani ya soko ya hisa zao. Ukichagua njia ya kwanza, ni asilimia 20 ya 850, yaani 170. Gudwili, yaani kile kinacholipwa kupita thamani ya mali zinazoweza kutajwa moja moja, inatoka hivi:

| | |
|---|---:|
| Bei iliyolipwa na Mama | 900 |
| Fungu la wachache | 170 |
| Toa mali halisi ya Tanzu | (850) |
| Gudwili | 220 |

Kwa njia ya pili, tuseme hisa za wachache zilithaminiwa 200, gudwili ingekuwa 250. Ile 30 ya ziada ni gudwili ya wachache wenyewe. Kwa kampuni ndogo isiyo na hisa sokoni, napendelea njia ya kwanza. Thamani ya soko ya asilimia 20 isiyouzwa popote ni makadirio juu ya makadirio, na mkaguzi atakuuliza juu ya kila moja. Wanaotumia toleo la IFRS kwa kampuni ndogo na za kati hawana chaguo hapa: ni njia ya kwanza tu, na gudwili yao hupunguzwa kila mwaka. Katika IFRS kamili gudwili haipunguzwi kila mwaka, bali hupimwa angalau mara moja kwa mwaka kuona kama thamani yake imeshuka.

Mfano wetu unaacha kodi pembeni ili uzi usikatike, lakini kazini usiiache. Kuongeza thamani ya mashine kwa 100 bila mamlaka ya kodi kuitambua huzaa kodi iliyoahirishwa. Kwa kiwango cha asilimia 30 deni hilo ni 30, mali halisi inashuka hadi 820, fungu la wachache 164, na gudwili inapanda hadi 244.

Hifadhi ukurasa huu kwenye jalada la kudumu. Faida limbikizi ya 350 haitabadilika kamwe katika hesabu zako, hata miaka kumi ikipita. Njia ya haraka ya kugundua kazi mbovu ni kutazama kama mtu ametumia faida limbikizi ya mwaka huu kukokotoa gudwili. Gudwili yake itakuwa inabadilika kila mwaka bila sababu.

Sawazisha vitabu kabla ya kujumlisha

Kampuni zote mbili zifunge tarehe moja. Kama haiwezekani, IFRS 10 inaruhusu tofauti isiyozidi miezi mitatu, kwa sharti kwamba miamala mikubwa ya katikati inarekebishwa. Sera nazo ziwe moja: Tanzu ikikokotoa uchakavu kwa njia nyingine kwa mali za aina ile ile, irekebishe kwanza.

Kisha linganisha madeni kati ya kampuni hizi mbili. Tarehe 31 Desemba 2024 vitabu vya Tanzu vinasema inaidai Mama 40. Vitabu vya Mama vinasema inadaiwa 30. Usifute 40 upande mmoja na 30 upande wa pili halafu ukatafute pa kuficha 10. Fungua taarifa za benki. Katika mfano huu, Mama ilituma 10 tarehe 30 Desemba na fedha zikafika kwa Tanzu tarehe 3 Januari. Hizo ni fedha zilizo njiani. Katika karatasi ya kazi weka debiti 10 kwenye fedha na krediti 10 kwenye wadaiwa wa Tanzu. Sasa pande zote mbili zinasema 30, na ndipo unafuta 30 kwa 30.

Tofauti isiyo na maelezo katika hatua hii mara nyingi ni ankara ambayo upande mmoja haujaiandika. Ukiiacha, faida ya kundi nayo inakuwa na kosa, si mizania peke yake.

Faida iliyonaswa ghalani

Mwaka 2024 Tanzu iliiuzia Mama bidhaa za 240. Kwa mtazamo wa kundi hakuna mauzo yaliyofanyika, kwani mtu hajiuzii mwenyewe. Futa 240 kwenye mauzo na 240 kwenye gharama ya mauzo. Mpaka hapo faida haijabadilika.

Lakini kufikia mwisho wa mwaka, bidhaa za 75 kati ya hizo bado zilikuwa kwenye ghala la Mama. Tanzu huuza kwa kuongeza asilimia 25 juu ya gharama yake. Faida iliyomo ndani ya 75 ni 75 × 25/125, yaani 15. Hapa ndipo wengi hukosea: huchukua asilimia 25 ya 75 na kupata 18.75. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama asilimia 25 ingekuwa ya bei ya kuuzia. Muulize aliyeweka bei, usikisie.

Ile 15 huondolewa yote, siyo asilimia 80 yake: debiti gharama ya mauzo, krediti bidhaa ghalani. Swali linalobaki ni nani anabeba upungufu huo. Aliyeiandika faida ile ni Tanzu, na wachache wana asilimia 20 ya faida ya Tanzu, kwa hiyo wao wanabeba 3 na Mama 12. Kama muuzaji angekuwa Mama, utaratibu uliozoeleka ni kwamba 15 yote ingeangukia wanahisa wa Mama, na fungu la wachache lisingeguswa. Ndiyo sababu karatasi ya kazi lazima ionyeshe mwelekeo wa kila uuzaji, siyo kiasi tu.

Mashine iliyothaminiwa upya

Ile 100 iliyoongezwa kwenye mashine inaliwa na uchakavu wa 20 kwa mwaka kwa miaka 5. Tanzu haijui habari hii. Vitabu vyake vinaendelea na thamani ya zamani. Hivyo kila mwaka wewe ndiye unayeongeza uchakavu wa 20 katika karatasi ya kazi. Mwisho wa 2024 umeshatumia 40, na mashine inaongezewa 60 juu ya thamani iliyo vitabuni. Kwa kuwa mashine ni ya Tanzu, uchakavu huu nao unagawanywa kati ya pande zote mbili.

Gawio

Mwaka 2024 Tanzu ilipata faida ya 150 na kulipa gawio la 50. Mama ilipokea 40 na kuiandika kama mapato. Futa 40 hiyo kwenye mapato ya Mama, maana faida yenyewe iliyozaa gawio hilo tayari imeingia mstari kwa mstari. Ukiiacha, umeihesabu mara mbili. Zile 10 zilizokwenda kwa wachache ni fedha zilizotoka nje ya kundi kweli, kwa hiyo zinapunguza fungu lao.

Taarifa ya mapato ya 2024

| | Mama | Tanzu | Marekebisho | Kundi |
|---|---:|---:|---:|---:|
| Mauzo | 2,000 | 900 | (240) | 2,660 |
| Gharama ya mauzo | (1,300) | (600) | 240 na (15) | (1,675) |
| Gharama nyingine | (410) | (150) | (20) | (580) |
| Gawio lililopokewa | 40 | – | (40) | – |
| Faida | 330 | 150 | (75) | 405 |

Faida ya kundi ni 405. Sasa igawanye. Faida ya Tanzu baada ya marekebisho yake ni 150, toa uchakavu wa 20, toa faida ya ghalani 15, inabaki 115. Asilimia 20 yake ni 23, na hiyo ndiyo ya wachache. Zinazobaki, 382, ni za wanahisa wa Mama.

Usiishie kwenye kutoa tu. Hakiki 382 kwa njia nyingine: faida ya Mama 330, toa gawio 40, inabaki 290, ongeza asilimia 80 ya 115 ambayo ni 92. Jumla 382. Njia mbili zikikutana, umepona.

Kokotoa fungu la wachache mara mbili

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu wengi hukokotoa gudwili na faida limbikizi, kisha tofauti inayobaki kwenye mizania wanaiandika "fungu la wachache". Mizania inalingana, na hakuna anayejua kwamba kosa la 17 mahali fulani limejificha ndani ya haki ya watu wasiokuwepo chumbani. Fungu la wachache lisiwe kamwe tarakimu ya kujazia.

Anza kwa kulifuata tangu siku ya ununuzi:

| | |
|---|---:|
| Tarehe 1 Januari 2023 | 170 |
| Sehemu ya faida ya 2023: 20% ya (80 toa 20) | 12 |
| Tarehe 31 Desemba 2023 | 182 |
| Sehemu ya faida ya 2024: 20% ya 115 | 23 |
| Gawio lililolipwa kwa wachache | (10) |
| Tarehe 31 Desemba 2024 | 195 |

Ile 80 ya mwaka 2023 ni ongezeko la faida limbikizi ya Tanzu, kutoka 350 hadi 430, kwani mwaka huo haikulipa gawio.

Kisha lihesabu upya kutoka upande wa mali. Mwisho wa 2024 Tanzu ina mtaji 400 na faida limbikizi 530, ambayo ni 430 ongeza 150 toa 50. Jumla ni 930. Ongeza thamani iliyobaki ya mashine 60, toa faida ya ghalani 15, unapata 975. Asilimia 20 ni 195. Zimelingana.

Kama zisingelingana, ukubwa wa tofauti wenyewe ungekuonyesha pa kutafuta. Tofauti ya 3 ingekuwa faida ya ghalani ambayo imesahauliwa upande mmoja. Tofauti ya 4 ni uchakavu wa mwaka mmoja. Tofauti ya 10 ni gawio. Andika sehemu ya wachache ya kila rekebisho pembeni mwa karatasi kabla ya kuanza kutafuta. Utaokoa muda mwingi.

Ukaguzi huu wa moja kwa moja unafanya kazi kwa sababu tulichagua njia ya sehemu ya mali halisi. Kwa njia ya thamani ya soko, ongeza sehemu ya wachache ya gudwili kwenye hesabu ya pili, ambayo kwa mfano wetu ingekuwa 30.

Faida limbikizi na mizania ya kundi

Faida limbikizi ya Mama mwisho wa 2024 ni 1,200. Ongeza asilimia 80 ya kile Tanzu ilichopata tangu inunuliwe: 530 toa 350 ni 180, toa uchakavu wa miaka miwili 40, toa faida ya ghalani 15, inabaki 125. Asilimia 80 yake ni 100. Faida limbikizi ya kundi ni 1,300.

| | Mama | Tanzu | Kundi |
|---|---:|---:|---:|
| Hisa katika Tanzu | 900 | – | – |
| Gudwili | – | – | 220 |
| Mali za kudumu | 1,500 | 620 | 2,180 |
| Bidhaa ghalani | 300 | 180 | 465 |
| Wadaiwa | 260 | 210 | 430 |
| Fedha | 140 | 70 | 220 |
| Jumla ya mali | 3,100 | 1,080 | 3,515 |
| Mtaji wa hisa | 1,500 | 400 | 1,500 |
| Faida limbikizi | 1,200 | 530 | 1,300 |
| Fungu la wachache | – | – | 195 |
| Wadai | 400 | 150 | 520 |
| Jumla | 3,100 | 1,080 | 3,515 |

Pitia safu ya mwisho polepole ukijiuliza kila tarakimu imetoka wapi. Wadaiwa ni 470, toa 10 ya fedha zilizo njiani, toa 30 iliyofutwa. Fedha ni 210 ongeza 10. Mtaji wa hisa ni wa Mama peke yake, kwa kuwa 400 ya Tanzu ilishamalizwa siku ya ununuzi. Ukiona mtaji wa hisa wa kundi umezidi wa kampuni mama, kuna ufutaji uliosahauliwa.

Fungu la wachache linakaa ndani ya mtaji, mbali na mtaji wa wanahisa wa Mama. Halikai kati ya madeni, kwa sababu kundi halina wajibu wa kuwalipa. Na Tanzu ikianza kupata hasara, wachache wanaendelea kubeba asilimia 20 yao hata kama fungu lao litashuka chini ya sifuri. Zamani hasara iliyozidi fungu lao kwa kawaida ilibebwa na kampuni mama, lakini sheria hiyo iliondolewa katika marekebisho ya viwango ya 2008.

Neno moja kuhusu kupima gudwili. Ile 220 ni ya Mama peke yake, ilhali thamani utakayoilinganisha nayo ni ya Tanzu nzima. Kwa hiyo kabla ya kupima, ikuze: 220 gawanya kwa 0.8 ni 275. Ikionekana imeshuka kwa 50, kundi linaandika asilimia 80 ya upungufu huo, yaani 40, kwa kuwa gudwili ya wachache haipo vitabuni.

Kufungua mwaka wa tatu

Marekebisho yote haya yameishi kwenye karatasi ya kazi tu. Hayakuingia katika leja ya Mama wala ya Tanzu. Januari 2025 urari wa kampuni zote mbili utakuja kwako kana kwamba hakuna kilichotokea, na faida limbikizi ya mwanzo ya Tanzu itakuwa 530 kamili. Lazima uyarudishe yote kabla ya kugusa miamala mipya.

Uchakavu wa 40 wa miaka miwili unaupeleka kwenye salio la mwanzo: 32 kwenye faida limbikizi ya kundi, 8 kwenye fungu la wachache, na krediti 40 kwenye mashine. Halafu unaongeza uchakavu wa 2025 kwenye gharama za mwaka. Faida ya ghalani nayo inarudishwa: 12 kwenye faida limbikizi ya mwanzo na 3 kwenye fungu la wachache. Lakini safari hii krediti ya 15 inakwenda kwenye gharama ya mauzo, maana kama bidhaa zile zimeuzwa nje mwaka 2025, faida yake sasa imepatikana kweli, na sehemu ya 3 inawarudia wachache ndani ya faida ya mwaka. Kama zingali ghalani, krediti inabaki kwenye bidhaa.

Kisha jumlisha faida limbikizi ya mwanzo uliyoipata. Isipokuwa 1,300, na fungu la wachache lisipokuwa 195, usiendelee na mwaka mpya mpaka uone rekebisho lipi halijarudi.